Panadol ya mtoto: ana kilo ngapi, na chupa ni ipi?

Mwanangu ametimiza mwaka. Nimpe panadol ya maji vijiko vingapi?

Mpime uzito kwanza. Watoto wawili wa mwaka mmoja, huyu ana kilo 7, yule ana 11. Dozi yao haiwezi kuwa moja. Na uzito ni wa leo, si ule ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki miezi mitatu iliyopita, maana mtoto akiharisha siku chache tu kilo zinapungua.

Parasetamoli, ambayo ndiyo panadol yenyewe, hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Tuseme mizani imesoma kilo 8. Zidisha 8 kwa 15, unapata miligramu 120. Hapo bado hujajua umpe mililita ngapi. Soma chupa: ikiwa imeandikwa 120 mg/5 ml, basi mililita 5 ndiyo dozi yake. Ipime kwa bomba lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani, kila nyumba ina vyake.

Chupa ya zamani imeisha, nimenunua nyingine. Si niendelee na mililita zilezile?

Hapana! Hili ndilo kosa ninaloliona kila mara, na ndilo ninaloomba liishe. Mililita ni maji tu. Dawa iko kwenye miligramu. Chupa ikibadilika, unapiga hesabu upya.

Mtoto wetu wa kilo 8 bado anahitaji miligramu 120. Kwenye chupa ya 250 mg/5 ml, gawa 120 kwa 250, zidisha kwa 5: mililita 2.4. Kwenye dawa ya matone ya wachanga yenye 100 mg/ml, ni mililita 1.2 tu.

Mama mmoja alikuja na kichupa cha matone mkononi. Kile kibomba cha kudondoshea kilikuwa kimepotea, akatumia kipimo alichokizoea, mililita 5, mara tatu tangu asubuhi. Kila mara mtoto alimeza miligramu 500. Kwa kilo 8, hiyo ni miligramu 62.5 kwa kila kilo, wakati kikomo cha siku nzima ni 60. Dozi moja ilimaliza siku nzima, naye alipewa tatu. Mama hakuwa mzembe. Alidhani matone, kwa kuwa ni ya wachanga, ni dawa hafifu. Ni kinyume chake: yametiwa dawa nyingi kwenye maji kidogo ili mtoto ameze kidogo.

Angalia pia dawa ya mafua. Nyingi zina parasetamoli ndani, kwa hiyo ukimpa na panadol umempa mara mbili.

Binti yangu anatibiwa saratani ya damu. Mbona wanampima na urefu?

Dawa nyingi za saratani zina nafasi ndogo sana kati ya kutibu na kudhuru, kwa hiyo hukokotolewa kwa eneo la ngozi ya mwili, kwa mita za mraba. Tunatumia kanuni hii:

```
√(urefu cm × uzito kg ÷ 3600)
```

Binti wa sentimita 100 na kilo 16: 1600 gawa kwa 3600 ni 0.44, kipeuo chake cha pili ni 0.67. Vinkristini, mojawapo ya dawa hizo, ikiandikwa miligramu 1.5 kwa mita ya mraba, anapata miligramu 1. Anayesahau kipeuo atampa 0.66, pungufu kwa theluthi moja. Hesabu hii si ya nyumbani. Wewe hakikisha amepimwa upya kabla ya kila mzunguko wa dawa, na uulize asipopimwa.

Nimegundua nimempa panadol nyingi, lakini anacheza vizuri. Nisubiri hadi asubuhi?

Usisubiri. Mpeleke hospitali sasa hivi.

Anacheza kwa sababu parasetamoli ikizidi huumiza ini kimyakimya. Siku ya kwanza anaweza kutapika kidogo au asionyeshe chochote. Maumivu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu na macho ya njano huja baadaye, kati ya siku ya pili na ya nne, ini likiwa limeshaumia. Dawa ya kuliokoa, asetilsisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Ukigundua saa mbili usiku ukangoja kukuche, saa hizo umezimaliza mtoto akiwa kitandani.

Usimtapishe, usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Beba chupa yenyewe, na utuambie ulimpa mililita ngapi na saa ngapi. Nami narudia: hata kama anacheza, usisubiri.