Eneo la kadioidi: kwa nini wastani wa 1 hauleti π

Chukua sarafu mbili zinazolingana. Moja ibane mezani isisogee, kisha nyingine iviringishe kuizunguka, kingo zikigusana bila kuteleza. Kabla ya kuanza, tia alama ya wino kwenye ukingo wa ile inayoviringika. Njia itakayopitwa na alama hiyo mpaka sarafu irudi ilikoanzia inaitwa kadioidi. Upande mmoja imeviringana vizuri, upande wa pili imebonyea mpaka ndani, na kwa sababu hiyo mwaka 1741 Johann Castillon aliipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya moyo.

Swali la makala haya ni moja: mstari huo unazingira eneo kiasi gani? Hesabu yenyewe haichukui zaidi ya mistari mitano. Hata hivyo, nimesahihisha kazi nyingi za wanafunzi waliofika kwenye jibu sahihi bila kujua kwa nini ni sahihi, na wengine waliolikosa kwa hoja ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza anaikubali. Hoja hiyo ndiyo ninayotaka tuichunguze kwa utulivu.

Tuanze na namna ya kuielezea kadioidi. Kwa x na y, mlinganyo wake ni (x² + y² − x)² = x² + y², na kupata eneo kwa kupitia humo ni kazi ngumu. Katika mfumo wa polari hatuulizi nukta iko kulia kiasi gani na juu kiasi gani. Tunasimama kwenye kitovu, tunatazama upande fulani kwa pembe θ, na kuuliza mpaka uko umbali gani kutoka tuliposimama. Umbali huo ni r. Kwa kadioidi yetu jibu ni fupi:

r = 1 + cos θ

Ukitazama mbele kabisa, yaani θ = 0°, r ni 2. Ukigeuka 90°, r ni 1. Ukitazama nyuma, 180°, r ni 0, maana yake mpaka umekufikia ulipo, na hapo ndipo penye lile bonyeo. Endelea hadi 270°, r inarudi kuwa 1, na ukimaliza mzunguko umefika tena kwenye 2.

Sasa hoja yenye mtego. Kosaini katika mzunguko mzima inapanda juu ya sifuri na kushuka chini yake kwa kiasi kilekile, kwa hiyo wastani wake ni 0. Basi wastani wa r ni 1. Duara lenye nusu kipenyo 1 lina eneo la π, yaani kama 3.14. Je, kadioidi nayo si ina eneo la π, kwa kuwa inachoongeza mbele inakipunguza nyuma?

Hapana, na tunaweza kuliona hilo kabla ya kugusa integrali yoyote. Chora duara r = 2 cos θ. Ni duara la kawaida lenye kipenyo 2, linalopita kwenye kitovu na kuelekea mbele. Eneo lake ni π kamili. Lakini 1 + cos θ haiwi kamwe ndogo kuliko 2 cos θ, kwa sababu kosaini haizidi 1. Kwa hiyo duara lote limo ndani ya kadioidi, na bado pande zote mbili inabaki nafasi kubwa. Eneo la kadioidi lazima lizidi π.

Kosa liko kwenye wastani uliotafutwa. Ili tulione, tukate umbo vipande vyembamba vinavyoanzia kitovuni na kupanuka kuelekea mpakani, kila kimoja kikiwa na pembe ndogo dθ. Kipande kama hicho ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo r. Duara zima lina eneo πr² na pembe 2π, kwa hiyo kipande cha pembe dθ kina eneo la πr² mara dθ/2π, ambayo ni ½ r² dθ. Kinachojumlishwa ni r², wala si r. Kipande chenye urefu mara mbili hakina eneo mara mbili, kina eneo mara nne, kwa sababu kimerefuka na papo hapo kimepanuka.

Hapo hoja ya kufidiana inavunjika. Mbele, r inapokuwa 2, kipande kina uzito wa 4 badala ya 1, yaani kimeongeza 3. Nyuma, r inapokuwa 0, kipande kimepoteza 1 tu, na hakiwezi kupoteza zaidi.

Sasa hesabu. Eneo ni integrali ya ½ r² kutoka 0 hadi 2π:

A = ½ ∫ (1 + cos θ)² dθ
A = ½ ∫ (1 + 2 cos θ + cos² θ) dθ

Sehemu ya kwanza, 1, inatoa 2π. Ya pili, 2 cos θ, inatoa 0 kwa sababu ileile ya kupanda na kushuka. Ya tatu, cos² θ, ndiyo inayobeba siri yote. Wengi hukariri kwamba cos² θ ni (1 + cos 2θ)/2, na ni kweli, lakini kuna njia ambayo naona inakaa zaidi akilini. Tunajua cos² θ + sin² θ = 1, na saini ni kosaini ileile iliyosogezwa robo mzunguko. Kwa hiyo katika mzunguko mzima hizi mbili zinagawana ile 1 sawasawa, na wastani wa kila moja ni ½. Integrali ya cos² θ basi ni ½ mara 2π, yaani π. Tukijumlisha:

A = ½ (2π + 0 + π) = 3π/2

Ni takribani 4.71. Kama r = a(1 + cos θ), umbo lote limekuzwa mara a na eneo linakuwa 3πa²/2.

Lisome jibu hilo tena kwa macho ya wastani: eneo ni π mara wastani wa r². Wastani wa r ni 1, na mraba wake ni 1. Wastani wa r² ni 1½. Ile nusu ya ziada yote imetoka kwenye cos² θ, ambayo haiwi hasi hata mara moja. Tukirudi kwenye sarafu zetu, kila moja ina kipenyo 1 na eneo π/4, kwa hiyo kadioidi inazingira eneo la sarafu sita hasa.

Kuna jambo zuri hapa ambalo si la kupita haraka. Chukua vipimo vinne tu vya r tulivyovitaja, 2, 1, 0 na 1. Miraba yake ni 4, 1, 0 na 1, jumla 6, wastani 1.5. Zidisha kwa π, unapata 3π/2. Hilo si kadirio, ni jibu kamili. Jaribu pande tatu, 0°, 120° na 240°: r ni 2, ½ na ½, miraba ni 4, ¼ na ¼, na wastani ni 1.5 tena. Ukipunguza hadi pande mbili, mbele na nyuma, wastani unakuwa 2 na jibu linaharibika. Sababu ni kwamba r² ina cos θ na cos 2θ tu ndani yake, na pande tatu au zaidi zilizopangwa kwa nafasi sawa zinatosha kuzifuta zote mbili. Kwa umbo lisilo na utaratibu huu, vipimo vichache vitakupa kadirio tu.

Kuhusu makosa, lipo moja ambalo hujificha. Mwanafunzi anafungua mabano vibaya, anaandika 1 + cos² θ na kuisahau 2 cos θ. Jibu lake kwa mzunguko mzima ni sahihi, kwa sababu alichokisahau kilikuwa sifuri. Ukitaka kulifichua, mwombe robo ya juu mbele tu, kutoka 0 hadi π/2. Jibu ni ½ (π/2 + 2 + π/4), yaani 3π/8 + 1, takribani 2.18. Yeye atapata 1.18. Robo ya juu nyuma, kutoka π/2 hadi π, ina 3π/8 − 1, takribani 0.18 tu. Robo ya mbele ni kubwa kama mara kumi na mbili kuliko ya nyuma, na tofauti yote kati yake inatoka kwenye neno lililosahauliwa.

Makosa mengine yanajitangaza yenyewe. Kadioidi hii inaenea kutoka x = −¼ hadi x = 2, na urefu wake wa juu hadi chini ni takribani 2.6. Inaingia kwenye mstatili wa eneo la 5.85, na tayari tunajua kwamba inazidi 3.14. Aliyesahau ½ atapata 9.42, jibu lisiloweza kuingia kwenye mstatili. Aliyeweka mpaka wa 360 badala ya 2π atapata 270. Aliyeishia π bila kuzidisha kwa mbili atapata 2.36, dogo kuliko duara lililomo ndani.

Limebaki swali la mipaka ya kanuni yenyewe. Ukibadilisha 1 ya mwanzo na namba nyingine, r = b + a cos θ, hesabu ileile inatoa π(b² + a²/2). Inafaa kila b inapokuwa sawa na a au kubwa kuliko a. Ikiwa ndogo, mambo yanageuka. Chukua r = 1 + 2 cos θ. Kanuni inatoa 3π, takribani 9.42. Lakini kati ya 120° na 240° r ni hasi: nukta inarukia upande wa pili wa kitovu na kuchora kitanzi kidogo ndani ya umbo kubwa. Kwa kuwa r² haijali alama ya kutoa, integrali inakihesabu kitanzi hicho mara mbili, mara moja kama sehemu ya umbo kubwa na mara nyingine peke yake. Kitanzi kina eneo la π − 3√3/2, takribani 0.54, na eneo halisi lililozingirwa ni kama 8.88.

Kwa hiyo kabla ya kuintegreti, tafuta kwanza kama r inavuka sifuri. Katika kadioidi inagusa sifuri mara moja, kwenye 180°, na kurudi bila kuvuka. Punguza a polepole kutoka 2 kuelekea 1 na utaona kitanzi kikizidi kuwa kidogo hadi a inapofika 1, ambapo kimekuwa nukta moja. Nukta hiyo ndiyo ncha ya bonyeo la kadioidi.