Kudabo dau kwa odi ya 1.90: hesabu ambayo daftari halionyeshi

Kati ya mbinu zote za kubeti ninazoulizwa hapa Kisumu, hakuna inayoaminiwa kama hii: ukipoteza, dabo dau, ukipoteza tena, dabo tena, beti ikiingia, unarudisha pesa zote na faida juu. Vitabuni inaitwa martingeli. Nafundisha takwimu chuoni, na mwanaboda mmoja wa Kondele aliponiletea daftari lake, kurasa zilikuwa safi kabisa: 50, 100, 200, kisha alama ya tiki na mstari chini yake. Akaniambia, "Mwalimu, hii haiwezi kunishinda. Mechi ni nyingi, lazima moja itaingia."

Ni kweli, moja itaingia. Swali ni kama utakuwa bado una pesa mfukoni wakati huo, na ikiingia itakulipa nini.

Yeye alikuwa akicheza ova 2.5, yaani mabao matatu au zaidi, kwa odi ya 1.90. Mara nyingi utakuta ova na kinyume chake, anda, zote zimewekwa 1.90 kwa mechi moja. Gawanya 1 kwa 1.90 upate 0.526, uwezekano uliofichwa ndani ya odi hiyo. Pande zote mbili zikijumlishwa ni 1.053, ilhali uwezekano wa kweli hauwezi kuzidi 1. Hiyo ziada ndiyo riziki ya kampuni. Tuchukulie mechi yenyewe ni nusu kwa nusu: kila shilingi 100 unayoweka inarudi kama 95 kwa wastani, na wewe unaacha 5 mezani.

Sasa tufuate dau lake. Ukiweka 50 na ikaingia, faida ni 45. Ikipotea, unaweka 100. Ikiingia unapata 90, toa zile 50, unabaki na 40. Beti ya tatu ya 200 inakuachia 30. Ya nne ya 400 inakuachia 10 tu. Fika ya tano: umeshapoteza 750, unaweka 800, beti inaingia, unapata faida ya 720, na bado umepungukiwa na 30. Umeshinda na umepata hasara. Ya sita ikiingia hasara ni 110, ya saba ni 270. Kudabo kunarudisha pesa zote katika kila hatua pale tu odi inapofika 2.00. Kwa 1.90 inabidi uzidishe dau kwa 2.11 kila hatua, na hapo mtaji unaisha mapema zaidi.

Daftari lake halikuonyesha hayo kwa sababu mizunguko mingi huisha kwenye beti ya kwanza, ya pili au ya tatu. Hapo ndipo imani inapojengwa. Lakini jumlisha madau saba kuanzia 50: ni 6,350. Uwezekano wa kupoteza saba mfululizo, kwa mechi za nusu kwa nusu, ni 1 kati ya 128. Inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba unaanza mzunguko mpya kila unaposhinda. Katika mizunguko 100, uwezekano wa kukutana na zile saba angalau mara moja ni takriban asilimia 54. Na mizunguko hiyo 100, hata kama yote ingeisha kwenye beti ya kwanza, ingekupa 4,500 tu. Mkosi mmoja unachukua 6,350.

Wengine huniambia kwamba baada ya kupoteza sita, ya saba "imekaribia" kuingia. Mechi ya Jumapili haijui ulichopoteza Jumamosi. Uwezekano wake ni uleule uliokuwepo kabla hujaanza, na kilichobadilika ni ukubwa wa dau lako pekee. Wanaofuata sare kwa odi ya 3.00 na kwenda juu wako kwenye njia hiyohiyo, ila vipindi vyao vya kiangazi ni virefu zaidi.

Kuna jambo la hapa Kenya linaloifanya martingeli iwe mbaya zaidi. Tangu Julai 2025, ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 ya pesa unazoweka kwenye akaunti ya kubeti, na unapotoa hukatwa asilimia 5 nyingine. Weka 5,000, usicheze hata mechi moja, kisha utoe: unabaki na takriban 4,512. Anayedabo huishiwa katikati ya mkosi na kukimbilia M-Pesa kuongeza, tena mara nyingi kwa mkopo wa Fuliza, kwa hiyo kila nyongeza inakatwa kabla haijagusa mechi, na deni nalo linatozwa. Hilo linaniuma kuliko hesabu zote hizi, kwa sababu pesa ya Fuliza inayokwenda kwenye beti ya saba ilikuwa mafuta ya pikipiki ya kesho.

Mpango ninaompa mtu anayecheza kwa kujifurahisha ni mkavu sana. Tenga mtaji wa mwezi ambao ukiisha wote hakuna mtu nyumbani atakayelala njaa. Uweke kwenye akaunti mara moja, usiongeze. Kila beti iwe asilimia 2 ya mtaji. Kwa 5,000 hiyo ni shilingi 100, iwe unaiamini mechi sana au kidogo. Kila Jumatatu piga hesabu upya: mtaji ukishuka hadi 4,000, dau ni 80. Ukishuka hadi nusu, mwezi umekwisha. Zile beti saba zilizopotea mfululizo, ambazo kwa kudabo zingekula 6,350, hapa zinakula 700.

Nisieleweke vibaya: asilimia 2 haigeuzi hasara kuwa faida. Beti 100 za shilingi 100 kwa odi ya 1.90 zinakugharimu 500 kwa wastani, bila kuhesabu ushuru. Karibu mara mbili kati ya tatu utamaliza mahali fulani kati ya hasara ya 1,450 na faida ya 450. Mpango wa dau unaamua kasi ya kupoteza na upana wa kuyumba; upande unaoelekea unaamuliwa na odi dhidi ya uwezekano wa kweli.

John Kelly wa maabara za Bell aliandika mwaka 1956 kanuni ya kuchagua ukubwa wa dau. Zidisha faida ya shilingi moja kwa uwezekano wa kushinda, toa uwezekano wa kushindwa, kisha ugawanye kwa faida hiyo:

```
f = (b*p - q) / b
```

Hapa f ni sehemu ya mtaji ya kuweka, b ni faida ya shilingi moja, p ni uwezekano wa kushinda na q ni wa kushindwa. Kwa odi ya 1.90, b ni 0.90. Weka p ya 0.50 na jibu ni hasi, maana yake usiweke chochote. Hata p ya 0.52 bado inatoa hasi, kwani mpaka ni 0.526. Ukiamini p ni 0.55 inakuambia asilimia 5, na wenye tahadhari huchukua nusu yake.

Tatizo ni hiyo p. Mwanaboda wangu alisema anajua mechi, akipata 55 kati ya 100. Nikamwomba aandike kila beti: tarehe, odi, dau, matokeo, hata zile zinazomuudhi, hadi zifike 200. Akipata 110 bado sitamwambia kwamba ana kipaji, maana sarafu inayorushwa mara 200 hufikisha 110 au zaidi karibu mara moja katika kila majaribio 11. Kwa sasa amefika ukurasa wa tatu, na dau lake limebaki 100 kila mstari.