Kilemba cha fundo la mbele: kukisoma kwenye picha na kukifunga

Kilemba cha fundo la mbele ni kile ambacho kitambaa hutokea kisogoni, hupita juu ya masikio, hufungwa kwenye paji la uso, kisha mikia yake miwili husokotwa na kuzungushwa hapo mbele hadi iwe kama kitumbua kikubwa. Hapa Kisumu utakiona sana kwenye harusi, na wateja wengi wanaotaka kufungwa hivyo huja na picha kwenye simu.

Picha haionyeshi kitambaa kilianzia wapi, lakini mikunjo inasema. Angalia juu ya sikio. Mikunjo ikipanda kutoka shingoni kuelekea paji la uso, kilemba kimefungwa kutoka nyuma kuja mbele. Ikishuka kutoka paji kwenda kisogoni, huo ni ufungaji mwingine kabisa, hata kama mbele unaona kitu cha mviringo. Halafu hesabu mizunguko ya fundo, maana ndiyo inayokuambia urefu wa kitambaa. Picha nyingi za kujipiga mwenyewe huwa zimegeuzwa kama kioo, kwa hiyo usijisumbue fundo likizunguka kulia wakati lako linazunguka kushoto.

Dada mmoja alikuja na picha ya fundo lenye mzunguko mmoja na nusu hivi, mkononi ana leso moja tu. Wengi wangemtuma soko la Kibuye akanunue kitenge, kwa kuwa kilemba hiki kinataka yadi mbili, takriban sentimita 180, na nusu ya upana wa kitenge inatosha. Nusu ya urefu huo ni 90 kila upande. Kutoka kisogoni hadi mbele huliwa kama 32, fundo la kwanza hula kama 10, unabaki na karibu 48 za kusokota. Leso ina urefu wa sentimita 150 hivi, kwa hiyo ukiitumia ilivyo mkia unabaki kama 33, na huo hauzunguki fundo vizuri. Ila leso ina upana wa 110. Ikunje kwenye mstari unaotoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, iwe kama pembetatu, na ule upande mrefu unakuwa karibu 186. Tatizo limekwisha, isipokuwa jina la leso litapotea ndani ya mikunjo, na mwenye kulipenda jina lake atasikitika.

Basi ikunje hivyo, kisha pinda upande mrefu kwa ndani mara moja, upana wa kiganja, upate ukingo imara. Inamisha kichwa. Ukingo uukalishe chini kabisa ya kisogo, pale nywele zinapoishia, na ile ncha ya pembetatu ije mbele ikifunika utosi mpaka kwenye paji. Shika mikia yote miwili, vuta kwa nguvu sawa ukipita nusu ya juu ya masikio, uifunge juu ya ncha, mara mbili. Hapa ndipo kilemba kinapopona au kuharibika. Fundo likae pale paji linapokutana na nywele. Ukilipandisha hadi utosini, uzito wa mikia utalilaza mbele kabla sherehe haijaisha. Kidole kimoja kipite chini ya kitambaa kwenye panja. Kisipopita, kichwa kitauma.

Sasa sokota kila mkia peke yake kuelekea kulia, kisha ipishanishe yote miwili kuelekea kushoto. Inajifunga yenyewe kama kamba. Ukisokota na kupishanisha kuelekea upande mmoja, ukiachia tu inafumuka. Zungusha kamba hiyo kwenye fundo, kila mzunguko ukiukandamiza ule wa ndani, na mwisho uchomeke chini ya fundo kwa kidole mpaka usionekane. Ile ncha ya pembetatu iliyobaki chini ya fundo, ivute iwe nyororo, uirudishe juu na kuificha nyuma ya kamba.

Tikisa kichwa. Fundo likicheza peke yake na kitambaa kimetulia, ulilegeza lile fundo la kwanza. Fungua ulirudie, kwa sababu kuongeza mizunguko hakutasaidia. Kilemba kizima kikiteleza kurudi nyuma, nywele ndizo laini, hasa zikiwa zimepakwa mafuta au ni rasta mpya. Vaa kwanza kofia nyembamba ya pamba, kisha ufunge juu yake.

Na kama fundo la kwenye picha limesimama wima na lako linalala ingawa umefuata yote hayo, tazama kitambaa. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kigumu. Leso iliyofuliwa miezi mingi imelainika, na haitasimama vile mpaka uitie wanga na kuipiga pasi.