Elektroni zinaenda wapi tunapokokotoa upungufu wa tungamo?

"Natafuta nishati ya mshikamano kwa kila nukleoni katika lithi-7, lakini jedwali linanipa tungamo ya atomi nzima, elektroni zikiwemo. Je, nianze kwa kuzitoa?"

Hapana, ziache zilipo. Kinachotakiwa ni upande wa pili wa hesabu nao uwe na elektroni zilezile, zifutane zenyewe.

Lithi-7 ina protoni 3 na nyutroni 4, yaani nukleoni 7. Ukiweza kuzipima moja moja zikiwa zimetengana, jumla yake itazidi kidogo tungamo ya kiini zikiwa zimeshikamana. Hiyo tofauti ndiyo upungufu wa tungamo. Iliondoka kama nishati wakati kiini kilipoundika, na atakayetaka kukivunja vipande vyote saba atalazimika kuirudisha yote; hiyo ndiyo nishati ya mshikamano.

Sasa, badala ya protoni 3 tupu, weka atomi 3 za hidrojeni-1. Kila moja ni protoni na elektroni yake, kwa hiyo upande wa vipande unapata elektroni 3, sawa na zile za atomi ya lithi. Kutoka kwenye jedwali, linalotumia kipimo cha tungamo za atomi kiitwacho u, tunachukua hidrojeni-1 yenye 1.007825 u, nyutroni yenye 1.008665 u, na lithi-7 yenye 7.016003 u.

```
3 × 1.007825 = 3.023475 u
4 × 1.008665 = 4.034660 u
jumla        = 7.058135 u
toa            7.016003 u
upungufu     = 0.042132 u
```

Kila 1 u ni sawa na nishati ya 931.494 MeV, yaani elektroni-volti milioni 931.494. Zidisha, utapata 39.25 MeV kwa kiini kizima. Gawa kwa 7, unabaki na takriban 5.61 MeV kwa kila nukleoni.

Tazama jinsi upungufu ulivyo mdogo: ni kama asilimia 0.6 tu ya tungamo yote. Tunatoa namba mbili kubwa zinazokaribiana mno, na jibu lote limejificha kwenye desimali za mwisho. Ukikadiria mapema kwa desimali mbili, 1.01 kwa hidrojeni na nyutroni na 7.02 kwa lithi, upungufu unakuwa 0.05 u, na nishati inaruka hadi karibu 47 MeV. Beba desimali sita mpaka mwisho, ndipo ukadirie.

Kosa linalowanasa wengi ni kuchanganya tungamo ya protoni tupu, 1.007276 u, na tungamo ya atomi ya lithi. Hapo elektroni 3 zinahesabiwa upande mmoja tu. Upungufu unashuka hadi 0.040485 u, na jibu la mwisho linakuwa 5.39 MeV. Ubaya wake ni kwamba jibu hilo halishtui. Linafanana kabisa na jibu sahihi. Dalili yake inaonekana ukilinganisha nishati ya kiini kizima na ile ya kitabuni: inapungua kwa takriban 1.53 MeV, yaani mara tatu ya 0.511 MeV, ambayo ni tungamo ya elektroni moja ikigeuzwa kuwa nishati. Elektroni zenyewe nazo zimefungwa kwenye atomi kwa nishati yake, lakini kwa lithi hiyo ni kama elektroni-volti mia mbili hivi, kidogo mno kugusa desimali tunazozitumia.

Kosa jingine afadhali hujitangaza. Jedwali la elementi lililo ukutani linaandika 6.94 kwa lithi, ila huo ni wastani wa lithi-6 na lithi-7 kama zinavyopatikana kwa asili. Ukiitumia, utapata karibu 15.7 MeV kwa kila nukleoni. Hakuna kiini chochote kinachofika huko. Kilele ni nikeli-62, yenye kama 8.8 MeV.

Namba yetu, 39.25, tunaweza kuipima kwa jaribio halisi. Mwaka 1932, huko Cambridge, John Cockcroft na Ernest Walton walirusha protoni kwenye lithi, na kiini cha lithi-7 kikameza protoni kisha kikapasuka kuwa viini viwili vya heli-4. Fanya hesabu ileile kwa heli-4, yenye 4.002603 u, na utapata 28.30 MeV kwa kila kiini. Viwili vinatoa 56.59 MeV. Protoni iliyorushwa haikuwa na mshikamano wowote, kwa hiyo tunatoa 39.25 za lithi pekee, na inabaki 17.3 MeV. Nishati hiyo lazima ionekane katika mwendo wa viini viwili vya heli, na wao walipopima umbali ambao viini hivyo husafiri hewani kabla ya kusimama, walipata kama 17 MeV kwa jozi.