Kukataa Ofa ya Kazi Baada ya Kukubali Nyingine: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Ukikaa kimya, afisa ajira ataelewa mwenyewe.

Afisa ajira anapokutumia ofa, mara nyingi huwa bado hajawajulisha waombaji wengine kwamba wamekosa. Aliyeshika nafasi ya pili katika usaili huwekwa akiba hadi wewe utakapotia saini, na kila siku unayonyamaza ni siku ambayo huyo naye anaweza kuchukuliwa kwingine, kazi yote ya kutafuta watu ikalazimika kuanza upya. Kwa hiyo kinachoharibu jina lako kwake ni kuchelewa, zaidi ya kukataa kwenyewe.

Chukua mfano wa mhasibu aliyepokea ofa Jumatatu na kuombwa ajibu kabla ya Ijumaa jioni. Jumatano asubuhi anatia saini mkataba wa mwajiri mwingine. Akiandika siku hiyo hiyo, afisa anaweza kumpigia simu mwombaji wa pili Alhamisi. Akisubiri Ijumaa kwa kuwa muda aliopewa haujaisha, atakuwa amempotezea afisa siku mbili bila faida yoyote kwake. Ila ahakikishe kwanza kwamba ofa aliyoikubali imethibitishwa kwa maandishi na pande zote mbili, kwani ahadi ya simu pekee inaweza kubadilika akabaki hana hii wala ile.

Dhana: Ni adabu kueleza sababu zako zote.

Sababu moja, katika sentensi moja, inatosha, na hulazimiki kutaja jina la mwajiri uliyemchagua. Maelezo marefu huonekana kama mwaliko wa majadiliano. Ukiandika kwamba mshahara ulikuwa mdogo, afisa mwenye bidii ataenda kwa meneja kuombea nyongeza, kisha atakurudia na kiasi kipya ambacho wewe, uliyekwisha kutia saini kwingine, huwezi kukipokea. Atakuwa amejisumbua bure, na lawama itakuwa yako.

Dhana: Maneno ya mzunguko hulinda uhusiano.

Hapa ndipo barua nyingi nzuri huharibika. Sentensi kama “kwa sasa nadhani itakuwa vigumu kidogo kwangu” inasikika kuwa ya upole, lakini msomaji wake hajui kama umekataa au unaomba muda. Upole uwe katika shukrani, na uamuzi uwe wazi. Yule mhasibu angeweza kujibu katika mfululizo ule ule wa barua pepe uliobeba ofa, ili kumbukumbu zikae pamoja, akiandika hivi:

“Ndugu Afisa Ajira,

Nakushukuru kwa ofa ya nafasi ya mhasibu uliyonitumia Jumatatu. Baada ya kutafakari, nimekubali nafasi nyingine inayokaribiana zaidi na kazi ya ukaguzi ninayotaka kuijenga, hivyo sitaweza kuipokea ofa yenu. Nimekuandikia leo ili upate nafasi ya kuendelea na waombaji wengine mapema.

Nilifaidika na mazungumzo yetu kuhusu namna idara yenu inavyofunga hesabu za mwisho wa mwezi, na ninakushukuru wewe na meneja kwa muda mlionipa. Nitafurahi tukiendelea kuwasiliana.

Wako mwaminifu,”

Kukataa kumekaa katika sentensi ya pili, ambapo hakuna msomaji atakayepitwa nako. Kuhusu nia njema, naamini sentensi ile ya kufunga hesabu inafanya kazi kubwa kuliko ahadi ya kuomba tena kazi hapo baadaye, kwa sababu inataja jambo ambalo ni mtu aliyesikiliza tu angeweza kulikumbuka. Ahadi ya kurudi usiitoe kama huna hakika nayo.

Dhana: Kama ofa ilipitia kwa wakala, mwandikie mwajiri moja kwa moja.

Mwanzie wakala, naye atamjulisha mwajiri. Mawakala wengi hulipwa pale tu mtu waliyempendekeza anapoanza kazi, na wakala akisikia habari hizi kutoka kwa mwajiri, ambaye ndiye mteja wake, ataaibika mbele ya mteja huyo.

Dhana: Barua hiyo hiyo inafaa hata kama ulikwisha kuwakubalia.

Haifai. Ikiwa ulikwisha kusema ndiyo kwa ofa hii unayotaka kuiacha, unavunja neno lako, na pengine waombaji wengine wamekwisha kuambiwa wamekosa. Soma kwanza ulichotia saini uone kama kuna muda wa notisi, kisha piga simu kabla ya kuandika. Barua inayofuata ianze kwa kuomba radhi, itaje kwamba mmezungumza na tarehe ya mazungumzo hayo, na iseme wazi kwamba unafahamu usumbufu uliousababisha.