Sabneti ya ndani si mpaka wa uaminifu

"Seva yetu iko sabneti ya ndani, haina hata anwani ya intaneti. Mbona mkaguzi bado anataka tuchore mpaka wa uaminifu?"

Kwa sababu sabneti huamua pakiti zipite wapi. Haijui faili imetoka kwa nani.

Chukua mfumo wa wakala wa forodha hapa Mombasa. Mteja anapakia ankara ya PDF kwa kiungo cha muda, moja kwa moja hadi hifadhi ya S3. Seva iliyo `10.0.2.0/24` inaivuta, inaisoma, kisha inaandika thamani ya mzigo kwenye hifadhidata. Kwenye mchoro wa mtandao seva hiyo imetulia tuli, hakuna mshale unaoiingia, kwa kuwa yenyewe ndiyo huanzisha muunganisho. Data lakini inakwenda kinyume na mshale huo. PDF iliyotengenezwa kwa hila inafika hadi ndani, na sheria za mtandao zimeiruhusu kihalali kabisa.

Basi mshale ufuate data, na juu yake uandike: "PDF ya mteja, haijakaguliwa, HTTPS, seva ndiyo inayoanzisha". Mstari wa nukta, ndio mpaka wa uaminifu wenyewe, uukate mshale huo kati ya S3 na seva, pale data usiyoiamini inapoingia. Hapo mkaguzi atauliza nani anapima ukubwa na aina ya faili, na programu inayofungua PDF ina ruhusa gani. Mimi huitenga programu hiyo: inasoma faili tu, hifadhidata haigusi. Rangi za visanduku (watu huzipotezea siku nzima!) haziulizwi.