Ukingo wa kijani kwenye picha iliyokatwa: dhana potofu na ukweli

Chukua kazi ambayo studio yoyote ya Mwanza inaweza kuletewa: mhitimu kapigwa picha mbele ya kitambaa cha kijani, naye anataka aonekane amesimama mbele ya Jiwe la Bismarck jua likizama ziwani. Unamkata, unamweka, na kwenye mabega na nywele unabaki uzi mwembamba wa kijani unaong'aa dhidi ya anga la rangi ya chungwa. Photoshop ina vifaa viwili vya kuuondoa, Shift Edge na Decontaminate Colors, na vyote viwili vimezungukwa na maelezo yasiyo sahihi.

Dhana: Ukingo wa kijani ni dalili kwamba mkataji hakuwa makini.

Hata ukikata kwa usahihi kabisa, kijani kitabaki. Pikseli za ukingoni hazina rangi ya mtu peke yake. Kila moja imenasa mtu kidogo na kitambaa kidogo, na kamera imezichanganya kuwa rangi moja. Maski inaweza kuifanya pikseli hiyo ipitishe mwanga nusu, lakini haiwezi kubadilisha rangi iliyomo ndani yake.

Tazama pikseli moja ya nywele. Nywele zenyewe ni 40, 30, 25 kwa nyekundu, kijani na buluu. Kitambaa ni 0, 177, 64. Zikichanganyika nusu kwa nusu, kamera inaandika takribani 20, 104, 45. Maski ikiipa pikseli hiyo uwazi wa asilimia 50 juu ya bakgraundi nyeupe, unapata 138, 180, 150, yaani kijani kilichopauka. Kama rangi ingekuwa ya nywele tupu, ungepata 148, 143, 140, kijivu cha kawaida ambacho jicho halikitambui. Maski ni sahihi katika hali zote mbili, tofauti iko kwenye rangi. Ndiyo maana kurudia kukata kwa Pen Tool mara ya tatu hakusaidii kitu.

Picha iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida huwa mbaya zaidi. Inapunguzwa na kubanwa upya kwa JPEG, na ubanaji huo kwa kawaida huhifadhi rangi kwa ukali mdogo kuliko mwanga, hivyo kijani husambaa hadi kwenye pikseli za jirani ambazo zilikuwa safi. Mwambie mteja aitume kama dokumenti.

Dhana: Ongeza Feather, ukingo utalainika na kijani kitapotea.

Feather hupanua eneo la pikseli zenye uwazi nusu, kuelekea nje na ndani. Upande wa nje ni kitambaa kitupu. Kwa hiyo uzi mkali wa kijani unageuka ukungu mpana wa kijani. Kiasi kidogo tu, kama pikseli 0.5 hadi 1, ndicho chenye kazi, na sababu yake inakuja hapa chini.

Dhana: Tiki Decontaminate Colors, weka 100, kazi imeisha.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kifaa hiki huchukua pikseli zenye uwazi wa sehemu na kuzipa rangi ya pikseli za jirani zilizochaguliwa kikamilifu. Nguvu yake hufuata ulaini wa ukingo: penye uwazi hubadilisha, pasipo na uwazi haigusi. Sasa fikiria maski yako imekaa nje kidogo na ule uzi wa kijani umeangukia ndani, kwenye eneo lililochaguliwa asilimia 100. Programu inauhesabu kuwa sehemu ya mtu. Haiusafishi, na mbaya zaidi inaweza kuutumia kama chanzo cha rangi, ikapaka kijani kuelekea nje.

Kwa hiyo mpangilio una maana. Kwanza sogeza ukingo ndani kwa Shift Edge mpaka kijani kiangukie kwenye eneo la uwazi, ndipo usafishe rangi. Shift Edge nayo husogeza ukingo laini tu. Ukingo ukiwa mkali kama wa wembe, utavuta kitelezi hadi mwisho na usione mabadiliko ya maana. Hapo ndipo ile Feather ya 0.5 hadi 1 inapohitajika.

Kwa mhitimu wetu, fanya hivi. Weka picha ya ziwa kwenye leya ya chini. Mchague mtu kwa Select > Subject, kisha bonyeza Alt+Ctrl+R kufungua Select and Mask. Bonyeza Y ili umwone juu ya anga lenyewe, na kuza hadi asilimia 200 begani. Weka Feather 0.8, kisha shusha Shift Edge polepole. Kwa picha ya kamera iliyo kwenye fokasi, kati ya -20 na -35 kwa kawaida inatosha. Simama pale uzi unapokatika, usiendelee. Tiki Decontaminate Colors, anza na 50, panda kama kijani bado kipo. Kwenye Output To chagua New Layer with Layer Mask. Kwa kuwa kifaa hiki hubadilisha pikseli zenyewe, hutaruhusiwa kutoa maski peke yake, na leya ya asili itafichwa bila kuguswa. Usiifute.

Dhana: Mpangilio mmoja unafaa mwili mzima.

Shift Edge huathiri ukingo wote kwa pamoja. Kile kinachosafisha bega la joho kitakula nywele na kishada cha kofia. Fanya nakala mbili kutoka leya ile ya asili. Ya mwili ipate mpangilio wa hapo juu. Ya nywele ipitishwe Refine Edge Brush kwenye ncha za nywele tu, Shift Edge ibaki 0, na Decontaminate ipande hadi 80 au 100, kwa sababu nywele zina rangi moja na haziharibiki kirahisi. Kisha paka nyeusi kwenye maski ya kila nakala, kila moja ibaki na sehemu yake.

Penye rangi nyingi zilizobanana, kama ukingo wa kitenge au mkufu wa dhahabu juu ya joho jeusi, Decontaminate huacha michirizi: rangi ya ua moja inavutwa hadi kwenye ua jingine. Ukiiona, ficha sehemu hiyo kwenye maski na urudishe ile ya leya ya asili, ukingo ukiusogeza ndani kwa mkono kwa brashi ndogo.

Jambo moja zaidi kuhusu leya iliyosafishwa: ukipaka nyeupe kwenye maski yake baadaye ili kurudisha kidole au sikio, kinachojitokeza ni rangi iliyovutwa, si picha halisi. Rekebisha maski kabla ya kusafisha.

Dhana: Ukingo mweupe unatibiwa vilevile.

Kwa sehemu, ndiyo. Ila kuna njia fupi. Sangara aliyepigwa picha juu ya karatasi nyeupe, akiwekwa kwenye bango la buluu, atazungukwa na mstari mweupe hasa kwenye mapezi. Bofya maski kwa kitufe cha kulia, chagua Apply Layer Mask, kisha Layer > Matting > Remove White Matte. Inafanya kazi vizuri pale tu karatasi ilipokuwa nyeupe kabisa. Ikiwa ilikuwa na kivuli cha kijivu, mabaki yatabaki, na hapo tumia Defringe ya pikseli 1. Kagua juu ya bakgraundi nyeusi, kwa sababu juu ya nyeupe kasoro hii haionekani kabisa.

Dhana: Kijani kilicho shavuni nacho ni ukingo.

Hicho ni mwanga uliodunda kutoka kwenye kitambaa na kumpiga mtu. Kiko ndani ya mwili, kwenye pikseli zilizochaguliwa kikamilifu, hivyo vifaa vyote vya juu havitakigusa. Ongeza leya tupu juu ya mtu, ibane kwa Alt+Ctrl+G, ibadilishe Blend Mode yake iwe Color, chukua rangi ya ngozi iliyo karibu na upake kwa brashi laini ya asilimia 20 hadi 30. Wakati wa kupiga picha, msogeze mtu mita 2 mbele ya kitambaa, na sehemu kubwa ya kijani hicho haitamfikia.